Kicheko cha Saa Kumi na Moja Jioni

Mtu aliyetoka ofisini saa kumi na moja jioni hana njaa ya hekima. Hajachoshwa na jembe wala gunia. Amechoshwa na maneno. Tangu asubuhi ameandika na kuandikiwa kwamba ahusike na kichwa cha habari hapo juu, kwamba mchakato unaendelea, kwamba zipo changamoto na kwamba changamoto hizo zitafanyiwa kazi. Hapana hata moja kati ya sentensi hizo lililomwambia kitu. Ndipo anapopanda daladala pale Posta, anasimama mkono mmoja juu, simu katika mkono wa pili, na mbele yake ana saa nzima au zaidi ya foleni hadi Mbagala. Anataka kucheka. Nashika kalamu leo kumtetea mtu huyo, kwa kuwa naona sisi wapenzi wa lugha tumezoea kumpa vitabu visivyomfaa.

Nina sahibu yangu mhasibu ambaye aliomba ushauri wa namna hiyo katika kikundi cha wasomaji. Akaletewa orodha ndefu ya kazi za tashtiti: falme za kubuni zenye wafalme wajinga, mabunge ya wanyama, viongozi walafi. Ni kazi nzuri, na baadhi yake zimejenga fasihi yetu. Lakini tashtiti ni silaha, na silaha humtaka mshikaji awe na hasira. Mtu aliyechoka kazini hasira zimemwishia kitambo. Ukimpa tashtiti saa hiyo, umempa kazi ya ziada: ajue anayesemwa ni nani, akubaliane na mwandishi, aamke kesho akiwa raia bora.

Hata Shaaban Robert, ambaye aliajiriwa serikalini tangu 1926, akianza katika forodha, na ambaye aliandika karibu kazi zake zote huku akiwa mtumishi wa ofisi, hakutuachia kitabu cha kucheka njiani. Katika *Utubora Mkulima* tiba ya uchovu wa kazi ya mjini ni kuiacha kazi hiyo na kwenda kulima. Ni tiba, sikatai. Ila msomaji wangu ana kodi ya nyumba na watoto watatu, na kesho saa mbili kasorobo anatakiwa awe mezani pake.

Nijuavyo mimi, kitabu cha kumfaa kina mambo mawili. Kwanza, kiwe kimekatwa vipande vidogo, maana kondakta atadai nauli katikati ya aya, na mtu akishuka mlangoni utalazimika kupisha. Riwaya ya kukumbuka majina kumi na matano haisomeki hivyo. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, msimulizi wake asijue kuwa anachekesha. Mchekeshaji anayecheka kabla yako amekuibia kicheko chako. Anayesimulia kwa uso mkavu, kwa lugha ileile nzito ya barua za ofisini, huyo ndiye anayeifanya lugha iliyokutesa kutwa ikulipe fidia jioni.

Kitabu kinachotimiza mambo haya kuliko vyote ninavyovijua kimeandikwa kwa Kiingereza, na kina umri wa zaidi ya miaka mia na thelathini. Kinaitwa *The Diary of a Nobody*, yaani shajara ya mtu asiye mtu. Waandishi wake ni ndugu wawili, George na Weedon Grossmith. George alikuwa mwimbaji maarufu wa michezo ya kuigiza ya kuchekesha jijini London. Weedon, mdogo wake, alikuwa mwigizaji na mchoraji, na ndiye aliyekitilia kitabu picha. Kilianza kutoka vipande vipande katika jarida la *Punch* mwaka 1888, kikachapwa kama kitabu mwaka 1892. Mwenye shajara ni Charles Pooter, karani wa kampuni moja ya katikati ya jiji, mwenye mke aitwaye Carrie, kijana wao Lupin asiyekaa na kazi, na marafiki wawili, Cummings na Gowing, ambao majina yao yanasikika kama kuja na kwenda kwa Kiingereza. Hakuna kisa kikubwa. Mtu anakwenda kazini, anarudi, anaandika.

Tazama anavyoanza. Amepanga nyumba mpya katika kitongoji cha Holloway, na bustani yake inateremka hadi kwenye njia ya reli. Anatuarifu kwamba mwanzoni waliogopa kelele za gari moshi, lakini mwenye nyumba aliwahakikishia kuwa baada ya muda hawatazisikia tena, akawapunguzia kodi kwa pauni 2. Pooter anakiri kuwa mwenye nyumba alisema kweli: ukiacha ukuta wa bustani uliopasuka kule chini, hawajapata usumbufu wowote.

Soma tena utaratibu wake. Ni taarifa ya ofisini kabisa. Kuna tatizo, kuna mamlaka iliyotoa ufafanuzi, kuna punguzo la fedha, kuna hitimisho la kuridhisha. Na ukuta uliopasuka umefichwa ndani ya kishazi tegemezi, mahali pale pale ambapo taarifa zote za ofisini huficha kuta zao zilizopasuka. Mhasibu wangu ameandika sentensi ya namna hiyo mara ngapi katika taarifa ya robo mwaka? Anapoiona kwa Pooter anacheka kama mtu aliyemkuta mwizi wake amevaa nguo zake mwenyewe.

Sasa nije kwenye kipande kitakachowafurahisha washairi, kwa kuwa kinahusu mchezo wa maneno, na tena mchezo dhaifu. Mashati ya Pooter yamechakaa, nyuzi zinatoka kwenye pindo za mikono. Kwa Kiingereza neno la kuchakaa namna hiyo linakaribiana sana kwa sauti na neno la kuhofu. Pooter anamwambia mkewe, kwa maneno hayo mawili, kwamba anahofu yamechakaa. Mume na mke wanaangua kicheko; anaandika kuwa alidhani hawatanyamaza kamwe. Siku hiyohiyo anapanda basi la farasi kwenda mjini, anakaa karibu na dereva, anamsimulia mzaha wake, na kwa ushahidi wake mwenyewe dereva nusura aanguke kitini kwa kucheka. Ofisini nako, anasema, walicheka sana. Mwishowe anapeleka mashati kwa fundi, anamwambia maneno yaleyale. Fundi, bila hata kutabasamu, anamjibu kuwa mashati lazima yafikie hali hiyo. Pooter anaandika kwa masikitiko kwamba wako watu wasiojaliwa kabisa hisi ya ucheshi.

Mzaha wenyewe hauna thamani. Thamani ipo katika safari yake: chumbani, kwenye basi, ofisini, kwa fundi. Anaubeba kama mtu abebavyo yai. Sisi tunaosoma tunajua kilichotokea kwenye basi: abiria amemng'ang'ania dereva, na dereva kwa adabu amecheka. Pooter hajui. Katika nafasi iliyopo kati ya anachoandika na tunachokiona ndimo kicheko kinamozaliwa, na hakuna neno hata moja lililochekesha ndani yake.

Je, mzaha huo unafasirika? Wengi husema mizaha ya maneno haifasiriki, na hapo nawapinga. Haufasiriki ukitaka maneno yaleyale. Unafasirika ukitafuta kitu chenye udhaifu uleule. Kiswahili kina kitenzi cha kale cha kuhofu, *-cha*, ambacho leo kimebaki zaidi katika *mcha Mungu* na katika ulimi wa washairi. Basi Bwana Pooter wetu na amwambie mkewe: «Nacha yamechakaa.» Ni mzaha mbovu. Una takriri isiyo na faida, unatumia neno ambalo hakuna anayelitumia mezani, na mtu mwenye kuusema atajiona amefikia daraja ya malenga. Ndivyo hasa unavyotakiwa uwe. Mfasiri ambaye angetafuta mzaha mzuri zaidi, wenye kuchekesha kweli, angekiharibu kitabu, maana msomaji angecheka pamoja na Pooter badala ya kucheka juu ya bega lake.

Nashikilia vilevile kwamba kitabu hiki kikija katika Kiswahili hakifai kuvishwa lugha ya vijiweni. Kuna mazoea, hasa katika michezo ya redio na runinga, ya kudhani kwamba ucheshi lazima useme kwa lafudhi ya kuchezewa na misimu ya mitaani. Pooter akisema kimtaa amekufa. Lugha yake ni ile ya «nina heshima kukuarifu» na «tafadhali pokea shukrani zangu za dhati». Apewe Kiswahili kilichopigwa pasi, chenye tai shingoni. Ndipo atakapoanguka na sisi tuone alivyoanguka.

Na anaanguka vizuri. Siku moja ananunua makopo mawili ya rangi nyekundu ya mafuta. Anapaka vyungu vya maua. Vinampendeza. Anapanda chumba cha mtumishi wa nyumbani, anapaka meza ya kunawia na kabati. Anapaka ndoo ya makaa. Anapaka migongo ya vitabu vyake vya Shakespeare, kwa kuwa majalada yamechakaa. Halafu anapaka beseni kubwa la kuogea. Mkewe anapolalamika kuwa hajapata kusikia beseni la kuogea likipakwa rangi nyekundu, anamjibu kwamba hilo ni suala la mapendeleo tu.

Siku chache baadaye anajisikia homa, anaamua kuoga kwa maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia. Akiwa ndani anainua mkono na kuuona umejaa damu. Hapo anatuandikia fikra zake kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama katibu anayeandika mambo yatokanayo na kikao kilichopita. Ya kwanza ni kwamba mshipa umepasuka naye atakutwa amekufa mfano wa Marat, yule mwanamapinduzi wa Kifaransa aliyeuawa mwaka 1793 akiwa ndani ya beseni lake. Ya pili ni kupiga kengele. Anakumbuka hakuna kengele. Ya tatu ni kwamba ile ni rangi tu, imeyeyuka kwa maji ya moto. Anatoka mwekundu mwili mzima. Anaazimia kutomwambia mkewe.

Ile fikra ya pili ndiyo inayonimaliza kila nisomapo. Mtu anaamini anakufa, na hata hapo anafuata utaratibu: kwanza kengele. Nyumba yake haina kengele bafuni, haijapata kuwa nayo, lakini mtu wa hadhi yake hupiga kengele. Nani kati yetu hajapata kukwama kwenye jambo la dharura huku akitafuta fomu ambayo haijawahi kuchapwa?

Kuna kipande kimoja zaidi nisichoweza kukiruka, kwa sababu kinahusu jina. Pooter na mkewe wanaalikwa kwenye dansi la Meya wa London. Ni fahari ya maisha yao. Huko wanamkuta fundi wao wa vyuma na mabomba, naye amealikwa, na fahari inapungua kidogo. Kisha gazeti moja linatoa majina ya waliohudhuria, na lao halimo. Pooter anaandika barua. Gazeti linatoa nyongeza ya majina, na humo wamo Bwana na Bibi C. Porter. Anaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa, POOTER, ili pasiwe na nafasi ya kukosea. Toleo linalofuata linaarifu kwamba barua mbili zimepokewa kutoka kwa Bwana na Bibi Charles Pewter, wakiomba itangazwe habari hii muhimu, kwamba walihudhuria dansi la Meya. Pooter analichana gazeti na kutuarifu kwamba wakati wake una thamani kubwa mno kuupoteza kwa vitu vidogo kama hivyo.

Kila aliyepata kupewa cheti cha kuhudhuria semina chenye jina lililokosewa anajua uchungu huu. Na hapa kitabu kinanionyesha wema wake. Hakimdharau Pooter. Mwajiri wake anamthamini, mkewe anampenda ijapokuwa anamchoka, na yeye ni mtu mwaminifu asiyemwibia yeyote. Tunamcheka kama tunavyomcheka mjomba, na tukifika kituoni tunashuka tukiwa wapole zaidi kwa wajomba zetu.

Hata hivyo najua kuna jioni ambazo upole hautakikani. Bosi amekufokea mbele ya wageni, na wewe unataka kicheko chenye meno. Kwa jioni hizo namtoa P. G. Wodehouse. Wengi humjua kwa hadithi zake za mtumishi Jeeves. Mimi naelekeza kwenye *Psmith in the City* ya mwaka 1910, kwa sababu moja: mwandishi alikuwepo. Wodehouse alitaka kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, fedha za nyumbani hazikutosha, naye mwaka 1900 akaingizwa kwenye ofisi ya London ya benki moja yenye biashara zake mashariki ya mbali. Akakaa miaka miwili, akiandika hadithi usiku, hadi kalamu ilipoweza kumlisha.

Katika riwaya hiyo vijana wawili, Mike na Psmith, wameajiriwa katika benki ya namna hiyo. Herufi ya kwanza ya jina Psmith haitamkwi. Aliiongeza mwenyewe ili asichanganywe na akina Smith wengine. Mike ni kijana wa kawaida, anatumikia katika idara ya barua. Psmith ni mlimbwende asiyejua kunyamaza, na silaha yake ni lugha ya heshima iliyopitiliza. Meneja wao, Bwana Bickersdyke, anataka kuwakomoa. Psmith hamtukani hata mara moja. Anagundua kuwa wote wawili ni wanachama wa klabu moja, na kila jioni anakwenda kuketi karibu naye, anamsalimu kwa unyenyekevu, anamtazama. Klabuni meneja hawezi kumfukuza mtu kwa kosa la kumsalimu.

Kwa mkuu wa idara yao, Bwana Rossiter, mbinu ni nyingine. Inagundulika kuwa Rossiter, mkali kama pilipili kichaa, ni shabiki wa Manchester United. Psmith, asiyejali mpira hata kidogo, anasoma habari za mpira kama mwanafunzi wa mtihani, kisha anakuja kazini na kuzungumza naye juu ya wachezaji kwa huzuni na mapenzi. Siku chache tu, mzee amelainika. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo hapo. Sote tunazijua ofisi ambazo ruhusa ya kutoka mapema inategemea Simba wamefunga au Yanga wamefungwa, na tunawajua wenzetu wenye kubadili timu kila abadilikapo mkuu wa kitengo.

Psmith ana mazoea mengine yatakayomgusa msomaji wa Tanzania. Amejitangaza kuwa mjamaa, kwa hiyo humwita kila mtu *Comrade*, tangu karani hadi meneja. Neno hilo Kiswahili chetu kilikwisha kulitafutia mwenzake miaka mingi iliyopita. Tangu zama za Azimio la Arusha barua zetu, mikutano yetu na milango ya ofisi zetu ilijaa *Ndugu*. «Ndugu Rossiter», «Ndugu Bickersdyke»: kijana aliyevaa suti ghali kuliko ya meneja, akimwita meneja ndugu kwa uso wa unyofu kabisa. Waliofanya kazi katika mashirika ya umma miaka ya sabini wangecheka hata kabla ya kitendo. Sijui ni lugha gani nyingine ambayo ingemkaribisha Psmith kwa neno tayari namna hii.

Onyo moja: riwaya hiyo huanza na kuishia kwenye kriketi. Asiyeujua mchezo huo na aziruke kurasa za mwanzo, aingie pale Mike anapofika London kuanza kazi. Hatapoteza ila jambo moja la kujua, kwamba ugomvi wa Mike na meneja ulianza kiwanjani.

Wa tatu ni Jerome K. Jerome, ambaye alikuwa karani wa kampuni ya reli angali kijana mdogo. Yeye ndiye namtolea anayetaka insha. *Idle Thoughts of an Idle Fellow* ya mwaka 1886 ni mkusanyo wa insha fupi juu ya kukosa fedha, juu ya uvivu, juu ya siku ambazo moyo umenuna bila sababu. Kila moja inatosha safari moja. Baadhi zimezeeka, hasa pale anapoanza kulia machozi juu ya mapenzi na ujana, pita, usisimame. Riwaya yake *Three Men in a Boat* ya mwaka 1889 nayo ina kasoro hiyo kila mto unapopendeza machoni pake. Lakini soma sura ya nne, kisa cha jibini. Msimulizi ameombwa na rafiki amchukulie jibini mbili kwa gari moshi kutoka Liverpool hadi London. Behewa limejaa. Harufu inaanza kazi yake, na abiria wanahama mmoja baada ya mwingine, hadi yeye anabaki na nafasi ya kunyoosha miguu. Aliyepata kupanda daladala iliyobeba mfuko wa papa mkavu wa Unguja atajua kuwa kisa hicho hakina chumvi nyingi kama Waingereza wanavyodhani.

Vitabu vyote hivi vinne vinapatikana bure katika tovuti ya Project Gutenberg, na faili lake ni dogo. Kipakue nyumbani, si njiani. Anza na shajara ya Pooter, mlango wa kwanza, na usisome zaidi ya siku tatu au nne za shajara kwa safari moja. Ukiisoma kwa mkupuo Jumapili mchana utaiona nyepesi, nawe utanilaumu.

Na vya kwetu? *Hekaya za Abunuwasi* bado zinafanya kazi, na fupi zake zafaa njiani. Washairi wakumbuke tu kwamba mjanja huyo amebeba jina la mshairi mwenzetu wa Baghdad wa zama za Abbasi. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, alifanya kazi za serikali na za uhariri huko Unguja, na mazungumzo ya Bwana Msa na Najum yana utani mkavu wa Kiunguja ambao sijauona ukipitwa. Ila hadithi za upelelezi zataka kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo inayokuwa imekwisha saa hiyo ya jioni. Mpe mhasibu wangu Bwana Msa siku ya sikukuu.

Kinachokosekana ni karani wetu mwenyewe. Rafu ya vitabu vya insha za kuchekesha kwa Kiswahili ni nyembamba, na sababu ninayoiona mimi ni heshima. Kiswahili cha ofisi tumekihofu au tumekikemea. Tumeandika makala nyingi za kukirekebisha, kwamba *changamoto* si *tatizo* na kwamba *mchakato* umetumika kupita kiasi. Hatujakikalia kimya tukakisikiliza, kama ndugu wale wawili walivyomsikiliza karani wa Holloway. Mgodi wote upo: dokezo, rejea, nakala kwa, yatokanayo, na ile sentensi tukufu isemayo jambo limechukuliwa kwa hatua zaidi. Anayejua kupanga vina na mizani anajua pia mahali pa kuweka pumzi, na ucheshi wa aina hii haudai zaidi ya hapo. Sitaki kuonekana nahubiri nisilotenda, kwa hiyo natoa siku mbili za shajara ya karani wangu wa kubuni, ambaye bado sijampa jina.

*Jumatatu.* Leo nimehamishiwa meza ya karibu na dirisha, kwa barua rasmi yenye nakala kwa watu sita. Nimeifikisha barua hiyo nyumbani ili mke wangu aisome. Ameuliza kama kuna nyongeza ya mshahara. Nimemweleza kwamba si kila heshima hupimwa kwa fedha. Dirisha halifunguki, lakini nimehakikishiwa kuwa suala hilo limo katika mpango wa mwaka ujao wa fedha, na kwa hakika, ukiondoa jua, sina malalamiko.

*Jumanne.* Nimekwenda kazini na mwavuli. Kijana wa masijala ameniuliza kama kuna mvua ofisini. Nimemjibu kwamba mwenye dirisha hana budi kulilinda dirisha. Hakucheka. Nimemrudia tena baada ya chakula cha mchana, kwa sauti ya juu kidogo, endapo hakunisikia vizuri.